Namna ya kumweleza dalali nyumba unayoitaka Kigoma, kuanzia choo hadi kimo cha sofa

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Mwanga. Kazi yangu ni vitanda, makabati na meza, lakini kila baada ya muda huitwa kung'oa mlango ili sofa ya mtu iingie kwenye nyumba ambayo ameshailipia kodi ya miezi sita. Nikimuuliza alimwambia nini dalali, jibu halibadiliki: "Nilimwambia nataka nyumba nzuri ya vyumba viwili, yenye maji na umeme."

Dalali amempa hicho hicho. Vyumba ni viwili, lakini kimoja ndiyo sebule. Maji yapo, bombani uani. Umeme upo, Luku moja kwa wapangaji wanne. Hakuna aliyedanganywa. Ni maneno tu hayakutosha, na kila nyumba isiyofaa aliyopelekwa kuiona ameilipia hela ya usumbufu.

Nitaeleza hatua kwa hatua, nikitumia mfano wa mteja wangu mmoja, muuguzi aliyehamishwa kutoka Tabora kuja Kigoma. Ana mume, watoto wawili wa kiume wenye miaka tisa na saba, na binti anayemsaidia kazi. Fenicha zake zote ni za mninga, na hakuna anayeacha mninga nyuma.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kupiga simu

Tafuta tepu ya fundi ya mita tano, ile yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Uwe na daftari na kalamu. Simu yako iwe na nafasi ya kupokea video. Halafu andika orodha ya watu watakaolala ndani ya nyumba, kila mmoja na mahali pake, na orodha ya vitu utakavyohama navyo, si vile unavyopanga kununua.

Usianze kwa kumpigia dalali ukiwa njiani. Ukieleza kwa mdomo atabaki na neno moja au mawili, na atakutafutia kwa hayo. Maelezo yawe ya maandishi, kwa sababu dalali mmoja wa Gungu akikosa nyumba humtumia mwenzake wa Katubuka ujumbe ule ule. Ukiwa umeandika vizuri, ujumbe unasafiri bila kupungua.

## Hatua ya 1: Taja aina ya nyumba kwa jina ambalo dalali analitumia

Madalali wana lugha yao na inafaa uijue, kwa kuwa neno moja laweza kukupeleka mtaa mwingine kabisa.

"Chumba singo" ni chumba kimoja, choo na bafu mnashirikiana na wengine. "Chumba masta" ni chumba chenye choo na bafu lake humo humo. "Chumba na sebule" ni vyumba viwili vinavyofuatana, cha mbele ukikifanya pa kukaa wageni. Usidhani kuna jiko mpaka litajwe. "Nyumba nzima" ina maana hakuna mpangaji mwingine chini ya paa lile, lakini anaweza kuwepo kwenye nyumba ya pili ndani ya geti hilo hilo. Ukitaka uwe peke yako ndani ya ukuta, sema "nyumba nzima, ndani ya fensi yake, bila mpangaji mwingine wala mwenye nyumba."

Neno linalowapotosha wageni kuliko yote ni "choo cha pabliki". Mtu anasikia "pabliki" anafikiri ni choo cha mtaa mzima, anakataa nyumba nzuri bila kuiona. Kwa madalali, choo cha pabliki ni kile cha ndani ya nyumba kinachofunguka kwenye korido, kinachotumiwa na watoto na wageni, tofauti na kile cha chumba masta. Choo cha kushirikiana na wapangaji wengine wao huita "choo cha nje" au "choo cha kushea". Andika neno pamoja na maana yake na utakuwa salama.

Upande wa Ujiji kuna jambo la ziada. Nyumba nyingi za zamani kule ni za Kiswahili: baraza mbele, mlango wa kati, ukumbi unaopita katikati mpaka nyuma, vyumba kulia na kushoto, kisha uani ambako kuna choo, bafu, jiko na stoo. Katika nyumba hiyo "ukumbi" ni njia ya watu wote, huwezi kuweka sofa pale. Mtu aliyezoea kuita sebule yake "ukumbi" akimwambia dalali wa Ujiji "nataka chumba na ukumbi", ataonyeshwa chumba kimoja chenye mlango unaotazama korido. Sema "sebule".

Vivyo hivyo neno "fremu". Kwangu mimi ni mbao zinazozunguka mlango. Kwa dalali ni chumba cha duka.

Umefanikiwa hatua hii ukiweza kueleza aina ya nyumba kwa sentensi moja. Ya muuguzi wetu ilikuwa hivi: nyumba nzima ya familia, ndani ya fensi, mpangaji mwingine anaweza kuwepo kwenye banda la uani lakini si chini ya paa letu.

## Hatua ya 2: Hesabu vyumba kwa vitanda

"Vyumba vitatu" kwa dalali mmoja ni vyumba vitatu vya kulala ukiacha sebule. Kwa mwingine ni jumla ya vyumba vyote. Dawa yake ni kuandika "vya kulala" na kuongeza "ukiacha sebule".

Anza na watu. Wazazi chumba kimoja, wanataka masta. Wavulana wawili chumba kimoja, wana dabo deka. Binti wa kazi anahitaji chumba chake chenye mlango unaofungwa. Tafadhali msimhesabu kuwa atalala sebuleni au stoo, ni mtu mzima na anahitaji kitasa chake. Hapo una vyumba vitatu vya kulala. Kisha sebule, jiko, na stoo kama ipo.

Kwenye chumba cha dabo deka kuna sharti ambalo watu hulisahau. Mtoto wa juu hulala karibu futi tano kutoka sakafuni, na akiketi kichwa chake kinapita futi saba. Chumba kisichokuwa na dari, bati likiwa wazi, huko juu ni joto la mchana kutwa linaloendelea mpaka usiku. Na feni ya kuning'inia inaweza kumpiga mkono au kichwa. Kwa hiyo andika: chumba cha watoto kiwe na dari, na kisiwe na feni ya juu.

## Hatua ya 3: Choo, bafu, jiko na maji

Taja choo kwa mambo mawili, kilipo na namna kilivyo. Kuna choo cha kukaa, kuna cha kuchuchumaa cha kuflashi, na kuna cha shimo. Kama unaishi na mzazi mwenye magoti mabovu, choo cha kukaa ni lazima na lazima iandikwe. Taja pia kama unataka choo na bafu vitengane. Kwa familia ya watu watano wanaotoka asubuhi saa moja, mtu mmoja akioga hakuna anayekwenda haja.

Jiko lina swali moja kubwa, nalo ni nishati. Ukipikia gesi, jiko la ndani linatosha, ilimradi lina dirisha na mahali pa kuweka mtungi. Ukipikia mkaa hata mara moja kwa juma kwa ajili ya maharage, omba jiko la nje au kibaraza cha nyuma chenye paa. Moshi wa mkaa usioonekana huua watu waliolala kwenye chumba kilichofungwa, na nyumba nyingi mpya zina jiko dogo la ndani tu, uani hakuna hata upenu. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Miezi yote hiyo mtu asiye na upenu huingiza jiko la mkaa ndani, na hilo usilikubali kabisa.

Sinki, bomba ndani ya jiko na kaunta ya zege ni vitu vitatu tofauti. Nimeona jiko lenye sinki lisilokuwa na bomba, maji yanamiminwa kwa ndoo. Vitaje vyote vitatu.

Kuhusu maji, neno "yapo" halitoshi. Mji wetu umekaa juu ya vilima, na nyumba za juu maji hupanda kwa shida presha inaposhuka. Ndiyo maana simtanki lina uzito kuliko bomba. Uliza ujazo wake, kama liko kwenye mnara au chini, na kama linahudumia nyumba yako peke yako. Tanki la lita 1,000 kwa watu watano wanaotumia ndoo mbili za lita 20 kila mmoja kwa siku linatoka siku tano. Likigawanywa na nyumba ya pili yenye watu kama hao, siku mbili na nusu tu.

Luku iwe yako peke yako, au angalau kuwe na submita. Hilo halihitaji maelezo zaidi kwa yeyote aliyewahi kugombana na jirani kuhusu pasi na friji.

## Hatua ya 4: Pima fenicha ulizonazo

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo watu hunipigia simu wakiwa na gari la mizigo nje ya geti.

Kila fenicha ina vipimo vitatu: urefu, upana (au kina) na kimo. Pima sehemu inayotokeza zaidi, si godoro. Kitanda cha "sita kwa sita" ni jina la godoro. Mbao zinaongeza: kitanda cha dada muuguzi kilikuwa na upana wa futi sita na nusu na urefu wa karibu futi sita na inchi tisa kwa sababu ya ubao mnene wa kichwani.

Kabati lake la nguo ni la milango mitatu, upana futi tano, kina futi mbili, kimo futi saba. Milango mitatu katika futi tano ina maana kila mlango ni inchi 20. Shika namba hiyo, itarudi.

Sasa chukua chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho kwenye nyumba za kupangisha utakikuta mara kwa mara. Weka kichwa cha kitanda ukutani. Upana wa chumba ni futi kumi, kitanda kimekula sita na nusu, kimebaki ukanda wa futi tatu na nusu. Weka kabati kwenye ukuta wa pembeni, limekula futi mbili za kina. Kati ya kabati na kitanda imebaki futi moja na nusu, yaani inchi 18. Mlango wa kabati ni inchi 20. Haufunguki.

Geuza, weka kabati miguuni pa kitanda. Futi kumi, toa sita na inchi tisa, toa mbili: imebaki futi moja na inchi tatu. Pabaya zaidi.

Kwa hiyo fenicha hizi haziwezi kukaa katika chumba cha kumi kwa kumi, na hakuna fundi wa kubadili hesabu hiyo. Zinahitaji chumba ambacho ukuta wa kichwani una futi 12. Hapo inabaki futi tatu na nusu kati ya kitanda na kabati, mlango unafunguka na mtu anasimama. Andika kwa dalali: "masta isipungue futi 12 kwa 10."

Dalali atasema hana tepu. Mwambie ahesabu marumaru za sakafu. Zile kubwa ni sentimita 60: tano ni mita tatu, karibu futi kumi, sita ni mita tatu na nusu na kidogo, karibu futi 12. Zile za wastani ni sentimita 40: kumi ni mita nne, yaani futi 13. Kwa hiyo masta yetu ni chumba chenye marumaru kubwa sita upande mmoja na tano upande wa pili. Mwambie apime moja kwa kiganja kwanza, ajue ni ya 60 au ya 40. Sakafu ikiwa ya saruji, ahesabu hatua zake na akutumie video akihesabu. Hatua ya mtu mzima ni karibu futi mbili na nusu, hivyo hatua tano ni futi 12 na nusu. Si kipimo cha fundi, ila kinatosha kukuzuia kupanda bajaji kwenda kuona chumba cha kumi kwa kumi.

Angalizo: mlango wa chumba wenyewe unaofungukia ndani unakula robo ya duara yenye karibu futi tatu. Kabati lisiwekwe hapo. Na dirisha lililo chini likiwa kwenye ukuta pekee unaofaa kichwa cha kitanda, utalala ubao wa kichwani umeziba nusu ya upepo. Omba video ionyeshe mlango na dirisha viko kuta zipi.

## Hatua ya 5: Pima njia ya kupita

Chumba kinaweza kutosha, sofa isifike chumbani.

Mlango unaoitwa wa futi tatu hauna futi tatu za kupita. Fremu inakula pembeni, na mlango wenyewe ukiwa wazi unene wake unaziba. Kwa kawaida inabaki kama inchi 32. Kukiwa na mlango wa grili ya chuma mbele ya ule wa mbao, na ukuta wa kibaraza unauzuia usifunguke mpaka mwisho, inaweza kubaki 28.

Sofa ya watu watatu ya mteja wangu ina urefu wa futi saba, kina cha inchi 36 na kimo cha inchi 34. Kwa inchi 32 haipiti ikiwa imesimama, na haipiti ikilazwa chali. Lakini miguu yake ina kimo cha inchi nne na imefungwa kwa skrubu. Ukiitoa, kimo kinabaki inchi 30, unailaza chali na inapita, kila upande umebaki na inchi moja ya vidole. Kama miguu imegundishwa, au sofa ni ile ya kona isiyotenganishwa, andika kwa dalali: "mlango wa mbele upitishe inchi 36 zikiwa wazi." Ni ombi zito, litapunguza nyumba, lakini ni la kweli.

Kitanda kisikutishe, kinafunguliwa: ubao wa kichwani, wa miguuni, mbao mbili za pembeni na chaga. Kabati la kufungulika pia. Hatari iko kwenye kabati lililogongelewa misumari kuwa kitu kimoja, na kwenye godoro la springi, ambalo ukilikunja limeharibika. Vitu hivi viwili vikikutana na korido yenye kona ndipo ninapoitwa.

Kuhusu korido, kuna jambo moja tu la kuuliza: je, kufika masta unakata kona? Ikiwa ndiyo na korido ina chini ya futi tatu na nusu, kabati lisilofungulika la futi saba usilipeleke, maana hata ukililaza halizunguki.

Umefanikiwa hapa ukiwa na namba tatu kwenye daftari: kitu chako kikubwa kisichofungulika, kipimo chake kidogo kabisa, na inchi za mlango unazohitaji.

## Hatua ya 6: Nje ya nyumba na ukuta wa nyuma

Uliza gari linafika wapi. Kwenye miteremko ya Mwanga na Bangwe kuna nyumba ambazo Fuso hubaki barabarani na mizigo inashushwa ngazi kwa kichwa. Kubeba friji ngazi 20 kuna bei yake.

Halafu jambo ambalo mimi kama mtu wa mbao nakusihi usiliache. Nyumba nyingi za mteremko zimejengwa kwa kuchimba kilima, udongo ukabaki unagusana na ukuta wa nyuma. Masika, maji hupenya. Dalili zake ni rangi iliyobabuka kuanzia chini, unga mweupe kama chumvi juu ya plasta, na harufu ya kisima ndani ya chumba kilichofungwa. Kabati la mninga litavumilia miaka kadhaa. Kabati la chipubodi litavimba miguu msimu mmoja, na milango haitafunga tena. Nyumba ikipakwa rangi mpya wakati wa kiangazi hutaona kitu, kwa hiyo andika: "ukuta wa nyuma usigusane na udongo wa kilima." Dalali mkweli anajua mara moja unasema nini.

Mengine ya nje yataje kwa ufupi: geti, fensi ya tofali au ya miti, kamba ya kuanikia, mahali pa pikipiki.

## Hatua ya 7: Tenganisha lazima na hiari

Ukimpa dalali masharti 20 ya uzito sawa, atachagua mwenyewe yapi ayasahau. Chagua yasiyozidi sita kuwa ya lazima. Yaliyobaki yaite "ikipatikana". Kipimo changu ni hiki: jambo ambalo huwezi kulirekebisha kwa pesa yako bila kuvunja ukuta ni la lazima. Ukubwa wa chumba ni lazima, rangi si lazima. Choo ndani ni lazima, kabati za jikoni si lazima, hizo nitakutengenezea.

Huu ndio ujumbe aliouandika dada muuguzi baada ya kukaa na daftari jioni moja:

> Habari za kazi kaka. Natafuta nyumba nzima ya familia, ndani ya fensi, Mwanga au Gungu. Tuko watano.
>
> LAZIMA: (1) Vyumba vitatu vya kulala ukiacha sebule, kimoja masta. (2) Masta isipungue futi 12 kwa 10, ni marumaru kubwa sita kwa tano. (3) Choo cha pili ndani, kwenye korido, cha kukaa. (4) Chumba cha watoto kiwe na dari, kisiwe na feni ya juu. (5) Mlango wa mbele ukiwa wazi upitishe inchi 32. (6) Luku yetu peke yetu.
>
> IKIPATIKANA: jiko la ndani lenye sinki na bomba, na upenu nyuma wa kupikia mkaa, simtanki la lita 1,000 au zaidi juu ya mnara, ukuta wa nyuma usigusane na kilima, gari lifike getini.
>
> Kodi isizidi 250,000 kwa mwezi, nalipa miezi sita. Naomba video kabla sijaja kuona. Asante sana.

Tazama kwamba hakuna neno "nzuri" wala "ya kisasa". Kila anachoomba kinaweza kuonekana kwa macho au kuhesabiwa kwa vidole.

## Hatua ya 8: Omba video kwa mpangilio, kisha uliza kinachobaki

Picha huchagua pembe, chumba kidogo kikaonekana uwanja. Omba video moja isiyokatwa, aanze barabarani, aingie getini, mlango wa mbele, sebule, korido, kila chumba, choo akifungua bomba, jiko, atoke uani mpaka nyuma ya nyumba. Akikwepa chumba, ndicho cha kuulizia.

Kama mpangaji wa zamani bado yumo, video itaonyesha vitu vyake. Feni, fimbo za pazia, hita ya bafuni, hata simtanki lenyewe vinaweza kuwa mali yake na vitaondoka naye. Mwandikie dalali majina: "Kati ya feni, fimbo za pazia, hita, taa na tanki, vipi vya mwenye nyumba?" Makabati yaliyojengewa ukutani hubaki, ya kusimama, usidhani. Majibu yake yatunze, mwishoni uyahamishie kwenye mkataba mbele ya mwenye nyumba.

Dada muuguzi alitumiwa video tatu. Ya kwanza masta ilikuwa marumaru tano kwa tano, akaikataa akiwa bado Tabora. Ya pili choo cha korido kilikuwa cha kuchuchumaa. Ya tatu ilikuwa Gungu, masharti yote sita yalitimia, ila tanki lilikuwa chini badala ya kwenye mnara. Akaja kuona nyumba moja tu.

Siku ya kwenda kuona, nenda na tepu mfukoni. Kabla hujasifia rangi, pima mlango wa mbele ukiwa wazi kabisa, kisha ukuta utakaoweka kichwa cha kitanda. Kisha fungua bomba la jikoni uliache litiririke wakati unahesabu soketi.